Programu Zisizofutika: Nini Hutokea Ukizizima?

Januari 2019, shirika la habari la Bloomberg liliandika juu ya malalamiko ya wenye simu za Samsung. Walikuwa wamejaribu kuifuta Facebook kwenye simu zao wakashindwa. Kila walipoigusa, kitufe cha Uninstall hakikuwapo. Palikuwa na Disable tu, ambacho kwenye simu iliyowekwa Kiswahili huandikwa Zima. Msemaji wa Facebook alijibu kwamba programu iliyozimwa ni kama iliyofutwa, na kwamba haiendelei kukusanya taarifa za mtumiaji.

Watu wengi hawakuridhika na jibu hilo, na si ajabu. Mtu amenunua simu kwa fedha zake, kwa nini aambiwe kwamba kitu asichokitaka hakiondoki, kinalazwa tu? Mwaka uliofuata, Januari 2020, mashirika zaidi ya 50 yakiongozwa na Privacy International yalimwandikia Sundar Pichai, mkuu wa Google, barua ya wazi. Ombi lao la kwanza lilikuwa kwamba mwenye simu aweze kuziondoa moja kwa moja programu zilizokuja na simu, pamoja na zile zinazofanya kazi chinichini bila kuonekana.

Hadi leo simu nyingi za Android zinazouzwa madukani, ziwe za bei ya chini au za bei ya juu, bado zinakuja na programu za namna hiyo: kivinjari cha pili ambacho mnunuzi hakukiomba, duka la programu la mtengenezaji, michezo, huduma za muziki, na programu za kampuni zilizolipia nafasi hiyo. Zima ndiyo silaha ya kwanza ya mtumiaji wa kawaida. Imo ndani ya Android tangu toleo la 4.0 lililotoka mwaka 2011, haihitaji kompyuta wala fundi, na inaweza kutenguliwa wakati wowote. Lakini anayeitumia anapaswa kujua inachofanya na isichofanya, maana kuna programu zinazolala kimya na kuna zinazolala na nyingine kumi.

Kwa nini hazifutiki

Hifadhi ya simu ya Android imegawanywa mafungu. Fungu moja ni la mfumo. Humo mtengenezaji huweka Android yenyewe pamoja na programu alizozichagua, kisha hulifunga: simu ikiwa kazini, fungu hilo husomwa tu, haliandikwi wala kufutwa. Fungu jingine ni la mtumiaji. Huko ndiko ziliko picha, ujumbe, na programu zote zinazopakuliwa Play Store.

Programu iliyowekwa kwenye fungu la mfumo ni sawa na kabati lililojengewa ukutani katika nyumba ya kupanga. Mpangaji anaweza kulifunga na asiliguse tena, lakini hawezi kulibeba akalitoa nje.

Si kila programu iliyokuja na simu imewekwa hivyo. Baadhi ya watengenezaji huziweka programu za ziada kwenye fungu la mtumiaji, na hizo hufutika kama nyingine yoyote. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuangalia. Fungua Settings, ingia Apps, chagua programu husika. Ukikuta Uninstall, ifute na kazi imekwisha. Ukikuta Disable, hiyo imo kwenye fungu la mfumo. Ukikuta Disable imefifia na haibonyezeki, hiyo ni habari nyingine itakayoelezwa hapa chini.

Facebook, hatua kwa hatua

Turudi kwenye Facebook, kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi kazi hii inavyokwenda. Mtu anaibonyeza Disable. Simu humpa onyo kwamba programu nyingine huenda zisifanye kazi inavyotakiwa, kisha huuliza kama akubali kuirudisha programu kwenye toleo la kiwandani na kufuta data zake zote. Hapo wengi hubonyeza OK bila kusoma. Swali hilo lina uzito: kuizima programu iliyokwisha kusasishwa huondoa masasisho yake pamoja na kila kilichohifadhiwa ndani yake kwenye simu. Kwa Facebook hasara ni ndogo, maana machapisho na picha viko kwenye seva za kampuni na akaunti haifutwi. Kwa programu ya kurekodi sauti, ya madaftari au ya picha iliyokuja na simu, hali inaweza kuwa tofauti kabisa. Kama kilichomo hakina nakala kwingine, kitoe kwanza.

Baada ya hapo alama ya Facebook hutoweka kwenye skrini. Programu haiwezi kuwashwa, haijiwashi yenyewe simu inapowaka, haitumi arifa, haili bando, na Play Store haiisasishi tena. Messenger huendelea kufanya kazi kwa sababu ni programu inayojitegemea. Viungo vya Facebook ambavyo rafiki ametuma WhatsApp sasa hufunguka kwenye kivinjari, na ukiingia kwenye huduma nyingine kwa kutumia akaunti ya Facebook, utapelekwa pia kwenye kivinjari uandike nenosiri.

Wengi huishia hapo wakiamini Facebook imelala yote. Kwenye simu nyingi imelala moja kati ya nne. Rudi kwenye orodha ya Apps, fungua menyu ya kuchuja au nukta tatu zilizo juu, kisha uruhusu orodha ionyeshe na programu za mfumo. Sasa tafuta neno Facebook. Huonekana majina mengine matatu yasiyo na alama kwenye skrini: Facebook App Installer, Facebook App Manager na Facebook Services. Kazi yake ni kusakinisha na kusasisha programu za kampuni hiyo bila kupitia mikononi mwa mwenye simu. Anayetaka kuiondoa Facebook kweli kwenye simu yake azizime na hizo tatu, moja moja, kwa hatua zilezile. Hata anayeitumia Facebook kila siku anaweza kuzizima hizo tatu na kuiacha programu yenyewe; masasisho yake yatapitia Play Store.

Nafasi inayopatikana, na isiyopatikana

Sababu kubwa inayowafanya watu watafute kitufe cha kuzima ni simu kujaa. Hapa ndipo matarajio na ukweli hupishana.

Chukua mfano wa simu ya 32 GB ambayo programu moja imekuja nayo ikiwa na ukubwa wa MB 60 ndani ya fungu la mfumo. Kwa miezi kadhaa imesasishwa, na sasisho lililoko kwenye fungu la mtumiaji ni MB 150. Data zake ni MB 280, na akiba ya muda ni MB 90. Mwenye simu akiizima, sasisho, data na akiba hufutwa; anapata MB 520. Zile MB 60 hazisogei. Na hata kama zingefutwa zisingemfaa, kwa kuwa ziko kwenye fungu ambalo picha na video zake haziruhusiwi kuingia.

Somo la hesabu hiyo ni kwamba faida ya nafasi inategemea programu ilikuwa imenenepa kiasi gani tangu simu inunuliwe. Programu ambayo haijawahi kufunguliwa wala kusasishwa ikizimwa hairudishi karibu chochote. Kabla ya kuzima, fungua ukurasa wa programu hiyo, ingia Storage na usome mistari mitatu iliyoandikwa humo: ya programu, ya data na ya akiba. Mistari miwili ya mwisho ndiyo itakayorudi yote.

Faida nyingine haionekani kwa MB. Programu iliyokuwa ikijiwasha chinichini ikilala, simu yenye RAM ya GB 2 au 3 hupata nafuu ya kuhisika, na bando la siku haliishi kwa masasisho ya kitu kisichotumika.

Zinazolala na nyingine

Athari nzito hazitoki kwenye Facebook wala michezo. Hutoka kwenye programu zenye majina yasiyomwambia mtu chochote, ambazo nyingine zimejengwa juu yake.

Ya kwanza ni Android System WebView. Haina alama kwenye skrini, na anayeiona kwenye orodha huweza kudhani haina kazi. Kumbe ndiyo inayochora kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine: habari ndani ya programu ya gazeti, ukurasa wa malipo ndani ya programu ya duka, barua pepe zenye picha na rangi. Ulimwengu ulipata kuona uzito wake tarehe 22 Machi 2021, siku ambayo sasisho lenye hitilafu la WebView lilizifanya Gmail na programu nyingine nyingi zijifunge zenyewe kila zilipofunguliwa. Hakuna aliyekuwa amezigusa Gmail wala programu hizo. Tatizo lilikuwa kwa mhimili uliozibeba. Anayeizima WebView kwa mkono wake hujiletea hali inayofanana na hiyo: programu moja inafunguka na kufunga papo hapo, nyingine inaonyesha ukurasa mweupe mtupu. Kwenye Android 7 hadi 9 kazi hiyo ilibebwa na Chrome, ndiyo maana kwenye matoleo hayo WebView huonekana imezimwa na simu inaendelea vizuri.

Ya pili ni Google Play Services. Ikizimwa, Play Store hugoma, akaunti ya Google huacha kusawazisha, ramani hukosa mahali ulipo, na arifa za programu nyingi huchelewa au haziji, kwa sababu programu hizo huzipokea arifa kupitia mlango huo mmoja. Dalili ya kwanza kwa kawaida ni ujumbe kuonekana pale tu mtu anapoifungua programu mwenyewe.

Ya tatu inawagusa moja kwa moja watumiaji wa Kenya. M-Pesa ilipozinduliwa nchini humo Machi 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya kadi ya simu, na simu huionyesha kupitia programu ndogo inayoitwa SIM Toolkit. Mtu anayesafisha simu yake huiona SIM Toolkit kwenye orodha, haikumbuki kuifungua hata siku moja, na kwenye baadhi ya simu Disable inabonyezeka. Anaizima. Menyu ya M-Pesa inatoweka, na si hiyo tu. Siku atakayonunua kitu na muuzaji kumtumia ombi la malipo, kile kidirisha kinachochomoza kumtaka aweke namba ya siri hakitatokea. Muuzaji ataona malipo yameshindikana, mnunuzi ataapa kwamba hakupokea kitu, na wote wawili wataulaumu mtandao. Njia ya kuitambua hitilafu hii ni kupiga *334#. Ikiwa menyu hiyo inafunguka ilhali ile ya SIM Toolkit haipo, mtandao ni mzima; kilichozimwa ni programu ya kuonyesha menyu ya kadi. Kwa Tanzania athari hiyo ni ndogo zaidi, kwa sababu wateja wa M-Pesa wamezoea kupita *150*00#, njia isiyoitegemea SIM Toolkit.

Ya nne ni kibodi. Mtu aliyesakinisha kibodi nyingine anaweza kuizima ile iliyokuja na simu bila kuona tofauti yoyote, hadi siku simu itakapozimika na kuwaka upya. Kabla mwenye simu hajaifungua kwa mara ya kwanza baada ya kuwaka, data zake huwa bado zimefungwa kwa usimbaji, na si kila kibodi ya kupakua inaweza kufanya kazi katika hali hiyo. Kama kufuli yake ni nenosiri la herufi, anaweza kujikuta mbele ya kisanduku kitupu bila cha kuandikia. Kufuli ya PIN au ya mchoro ina vitufe vyake yenyewe na haina shida hiyo. Kanuni ni rahisi: kibodi ya asili iachwe ikiwa hai, na vivyo hivyo programu inayoonyesha skrini ya mwanzo.

Kitufe kilichofifia

Disable ikiwa imefifia, mara nyingi sababu ni sahihi ya kidijitali. Kila programu ya Android hutiwa sahihi na aliyeitengeneza. Programu iliyotiwa sahihi ileile ya mfumo wenyewe huhesabiwa na Android kuwa kiungo cha mfumo, na kitufe chake hufungwa. Mtengenezaji pia anaweza kuzilinda programu nyingine anazozitaka zibaki. Wakati mwingine sababu ni ndogo zaidi: programu imepewa mamlaka ya msimamizi wa kifaa, na ukiyaondoa mamlaka hayo kwenye mipangilio ya usalama, kitufe hufunguka.

Kwa programu ambayo kitufe chake hakifunguki, ipo njia ya kompyuta. Ingia About phone, gusa Build number mara saba ili menyu ya watengenezaji wa programu itokee, washa humo USB debugging, kisha unganisha simu kwa waya na kompyuta yenye zana ya Google iitwayo adb. Simu itauliza kama unaiamini kompyuta hiyo, kubali. Amri za kuzima Facebook App Manager, kwa mfano, ni hizi:

```
adb shell pm list packages facebook
adb shell pm disable-user --user 0 com.facebook.appmanager
```

Ya kwanza huorodhesha majina kamili ya programu zenye neno hilo. Ya pili huizima moja. Simu ikijibu `new state: disabled-user`, imekubali. Kuiamsha:

```
adb shell pm enable com.facebook.appmanager
```

Mitandaoni kuna amri nyingine inayosifiwa zaidi, ile ya `pm uninstall -k --user 0`, na wanaoisambaza husema kwamba inafuta. Haifuti. Inaiondoa programu kwa mtumiaji huyo tu. Faili lake hubaki kwenye fungu la mfumo, na simu ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani programu hurudi. Kwa anayeanza, `disable-user` inatosha na ni rahisi zaidi kutengua.

Njia hii inahitaji tahadhari ambayo Disable ya kawaida haiihitaji, kwa kuwa hapa kinga iliyowekwa na mtengenezaji imerukwa. Kwenye baadhi ya simu za Xiaomi, kuiondoa `com.xiaomi.finddevice` hujulikana kuifanya simu iwake na kuzimika mfululizo bila kufika kwenye skrini ya mwanzo. Simu iliyofika hapo mara nyingi haiokoki bila kufutwa yote, na picha zisizo na nakala huenda nazo. Usinakili orodha ndefu ya amri za mtu mwingine ukaibandika yote kwa mkupuo. Iliandikwa kwa simu yake, si yako.

Kuamka kwa zilizolala

Programu iliyozimwa kwa Disable hubaki kwenye orodha ya Apps ikiwa na neno Disabled. Iguse, bonyeza Enable, nayo hurudi, ila kwa toleo la kiwandani. Kama simu ina miaka mitatu, programu hiyo imerudi ikiwa na umri wa miaka mitatu, pamoja na mianya ya usalama iliyokwisha kuzibwa kwenye matoleo ya baadaye. Isasishe Play Store kabla ya kuingiza nenosiri lolote ndani yake.

Kuna wakati programu huamka bila kuamshwa. Sasisho kubwa la mfumo linaweza kuirudisha, na kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani huamsha zote. Baada ya kila sasisho la Android ni vyema kupitia orodha tena; ni kazi ya dakika chache.

Na mtu akizima nyingi, mambo yakaharibika, asikumbuke ipi ndiyo mkosaji? Kwenye nukta tatu za ukurasa wa Apps kuna Reset app preferences. Huamsha programu zote zilizozimwa na kurudisha mipangilio ya arifa na ya programu chaguo-msingi, bila kufuta picha, ujumbe wala akaunti. Utalazimika kupanga upya baadhi ya vitu, lakini simu itarudi kazini.

Anayetaka kuanza leo aanze na zile anazozijua kwa jina na ambazo hazibebi nyingine: michezo, kivinjari cha pili, duka la ziada la programu, Facebook na wenzake watatu. Azime moja, aandike jina lake mahali, aiwashe simu upya, kisha aitumie siku moja au mbili: apige simu, apokee ujumbe, alipe kitu, afungue programu ya benki. Kila kitu kikienda sawa, azime inayofuata. Na akikutana na jina asilolielewa, aliache hadi atakapojua ni nini kinachoitegemea.